Picha za Chakula Zilizotengenezwa na Akili Mnemba Kwenye Menyu za Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tunazungumzia picha za aina gani hasa?

Mtu anayefungua programu ya kuagiza chakula hukutana na picha za aina kadhaa zilizochanganywa, na ni vyema kuzitenganisha kabla ya kuanza kumshuku mtu yeyote. Ipo picha halisi iliyopigwa jikoni humo humo, hata kama imepambwa. Ipo picha halisi ya chakula cha watu wengine, iliyonunuliwa au kuchukuliwa bila ruhusa mtandaoni. Ipo picha halisi iliyopitishwa katika akili mnemba ili kubadilishiwa mwanga, meza au sahani; Uber Eats, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2025 kwamba inaanza kutumia zana ya namna hiyo kuboresha picha hafifu za menyu. Mwisho ipo picha ambayo haikuwahi kupita kwenye kamera: mtu ameandika maneno machache, mashine ikamchorea sahani.

Ukurasa huu unahusu zaidi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoweza kuonyesha chakula ambacho hakuna mpishi aliyewahi kukipika mahali popote.

Kwa nini mgahawa wenye jiko na wapishi utumie picha ya kubuni?

Sababu ya kwanza ni gharama. Menyu ya vyakula arobaini inadai kupika vyote arobaini, kumlipa mpiga picha na kufunga jiko kwa muda, ilhali mashine hutoa picha hizo jioni moja. Sababu ya pili ni kwamba chakula kisicho na picha hupitwa na wateja wanaoteremsha skrini kwa haraka, na muuzaji anajua hivyo.

Sababu ya tatu inasemwa kwa nadra: picha hizo zinavutia kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2024 utafiti ulioonyesha kwamba watu wasioambiwa chanzo cha picha walizipenda zaidi picha za chakula zilizotengenezwa na mashine kuliko picha halisi za chakula kilekile, na kwamba upendeleo huo ulitoweka walipoambiwa ukweli. Watafiti hao walieleza pia kuwa mashine huelekea kuongeza mng'ao, kupanga vitu kwa ulinganifu na kuzidisha kiasi, kama vile vipande zaidi vya chipsi au krimu nyingi zaidi juu ya kitindamlo. Kwa hiyo muuzaji anayesema kuwa picha yake ni "ya mfano tu" anafaidika na mfano uliovimbishwa.

Je, picha ikiwa ya kubuni, maana yake chakula hakipo?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mama lishe mwenye wali maharage mtamu kabisa anaweza kuwa na kijana wake aliyemwekea picha za mashine kwa nia njema. Kinyume chake, muuzaji anaweza kutumia picha halisi isiyo na kasoro kuuza kitu ambacho hajawahi kukipika. Swali la kujiuliza ni kama kuna mtu aliyekipika chakula hiki, katika jiko hili, kwa bei hii. Dalili za picha yenyewe husaidia kujibu nusu ya swali hilo. Nusu ya pili hujibiwa na menyu, anwani na picha za wateja.

Katika picha yenyewe, jicho lianzie wapi?

Lianzie pale ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine. Mashine inajua vizuri sana rangi na mng'ao wa nyama iliyochomwa, lakini haijui kwamba nyama ina mfupa, mfupa una mwisho, na sosi hutiririka kuelekea chini. Katika baga, fuata tabaka moja la jibini kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia uone kama linabaki jibini au linageuka kuwa nyanya katikati ya safari. Katika tambi, chagua uzi mmoja uufuate. Mara nyingi hauna mwisho, au unazama ndani ya mwenzake na kutoka ukiwa mnene zaidi. Katika sahani ya wali, tazama punje zilizo mbali kidogo na katikati, kwa sababu hapo huacha kuwa punje na kuwa uji wenye madoa. Katika kuku, hesabu mapaja. Kuku mzima mwenye mapaja matatu si jambo la ajabu katika picha hizi.

Baada ya hapo tazama mwanga. Picha ya simu iliyopigwa kwenye mgahawa wa kawaida huwa na taa ya dari, kivuli cha mkono, au weupe wa dirishani upande mmoja. Picha ya mashine huelekea kuwa na mwanga laini unaotoka pande zote, ukungu mzito nyuma na majani ya kotimiri yaliyodondoshwa hata mahali ambapo hakuna mpishi angeyaweka.

Dalili hizi zina mipaka. Miaka michache iliyopita ilitosha kuhesabu meno ya uma au kusoma maandishi kwenye chupa ya sosi, kwa kuwa mashine ilikuwa ikiyavuruga. Mashine za sasa zimejifunza uma, na maandishi mafupi zinayaandika vizuri. Anayetegemea kasoro za aina hiyo pekee atapitisha picha nyingi za kubuni akidhani ni za kweli. Kinachodumu zaidi ni ujuzi wa chakula chenyewe, na ndio unaotuleta kwenye swali linalofuata.

Je, vyakula vya kwetu vinamnasa mwongo kirahisi zaidi?

Ndiyo, na hii ndiyo nguvu kubwa ya msomaji wa Kiswahili. Mashine hizi zimefunzwa kwa picha zilizokusanywa mtandaoni, nyingi zikiwa na maelezo ya Kiingereza, na humo pizza na baga zimejaa kuliko zege, yaani chipsi mayai, au samaki wa kupaka. Zikiulizwa chakula zisichokijua sawasawa, hazisemi kwamba hazikijui. Huchora chakula cha jirani kinachofanana na jina.

Chukulia menyu ya kubuni ya muuzaji wa Dar es Salaam yenye chipsi mayai, pilau ya kuku na samaki wa kupaka, tuitazame picha kwa picha.

Katika picha ya chipsi mayai tunaona yai lililokunjwa kama khanga iliyopigwa pasi, la manjano, lisilo na doa la kuungua, na pembeni yake chipsi nyembamba zilizonyooka zimesimamishwa katika kikombe cha chuma. Kila aliyewahi kusimama mbele ya kibanda cha chipsi anajua kwamba zege haliko hivyo. Chipsi zilizokwisha kukaangwa huwekwa kwenye kikaango, mayai yaliyopigwa humwagwa juu yake, nayo yakianza kushika hupenya katikati ya chipsi na kuzifunga kuwa duara moja ambalo hugeuzwa upande wa pili. Kwa hiyo ncha za chipsi huonekana zikichomoza kwenye kingo, juu kuna mabaka ya kahawia pasipolingana, na pembeni kuna kachumbari au kabichi, pamoja na tomato iliyomiminwa bila nidhamu. Aliyechora picha ile amepewa maneno mawili, chipsi na mayai, akaviweka kando kando. Picha hiyo inatuambia kwamba hata mtu aliyeipandisha kwenye menyu hakuitazama kwa makini, au hajali.

Katika picha ya pilau tunaona wali wa manjano iliyokolea, njegere, korosho, na tawi la mnanaa juu. Pilau ya pwani haipati rangi yake kwenye manjano. Rangi yake ya hudhurungi hutokana na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikaiva sana, supu ya nyama, na bizari zenyewe: jira, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu. Ukiitazama kwa karibu utaona vipande vya mdalasini na iliki nzima, kiazi kilichobadilika rangi kwa kunyonya supu, na punje zisizolingana rangi kwa sababu za chini zimekaa kwenye mafuta zaidi. Wali wa picha ile una rangi moja kutoka punje ya kwanza hadi ya mwisho. Hapa lakini lazima tuwe waangalifu, kwa kuwa wapo wapishi wanaotia njegere au karoti kwenye pilau, na wapo wanaoita pilau kile ambacho jirani yao angekiita kitu kingine. Rangi peke yake haimtii mtu hatiani.

Samaki wa kupaka ndiye anayemaliza ubishi. Picha inaonyesha mnofu mweupe usio na ngozi, vipande viwili vya limau na sosi nyeupe iliyochorwa mistari. Samaki huyu kwa kawaida huokwa juu ya makaa akiwa mzima au amepasuliwa, kisha hupakwa tui zito la nazi lenye viungo, hurudishwa motoni, hupakwa tena. Huwa na ngozi iliyobabuka, kingo nyeusi za mkaa, na tui lililoganda kwenye mikato ya kisu. Kwenye picha hakuna mkaa wala mkato wala ngozi.

Picha tatu kati ya tatu zimechora jina na si chakula, na ndiyo sababu tunafikia uamuzi kwamba hakuna hata moja iliyopigwa jikoni. Hata hivyo hatujasema bado kwamba muuzaji hapiki zege. Hilo tutalijua kwa kutazama menyu nzima.

Menyu nzima inaweza kusema nini ambacho picha moja haisemi?

Jambo la kwanza ni meza. Jiko halisi lina sahani zake, na sahani hizo hujirudia zikiwa na alama zao za kuchakaa: ukingo uliobanduka, mkwaruzo, trei ileile ya chuma. Menyu ya mashine huwa na tatizo la kinyume. Ama kila chakula kiko kwenye sahani mpya kabisa ambayo haionekani tena, ama vyote viko kwenye ubao uleule wa mbao nyeusi, kwa pembe ileile, na ukungu uleule nyuma, kuanzia chapati hadi juisi ya ukwaju.

Jambo la pili ni uhusiano kati ya picha, maelezo na bei. Ikiwa picha inaonyesha kamba wakubwa sita na maelezo yanasema "wali wa samaki", aliyeandika na aliyechora hawakuwa wakizungumzia chakula kimoja. Ikiwa sehemu ya kuchagua nyongeza inataja tu chipsi, ugali au wali, lakini picha inaonyesha viazi vilivyopondwa, jua kwamba utaletewa kilicho kwenye orodha.

Jambo la tatu ni wingi wa majina yenye jiko moja. Kuna biashara zinazoendesha migahawa kadhaa ya mtandaoni kutoka jiko lilelile, na hilo lenyewe si kosa. Tatizo huanza pale ambapo menyu ni ileile iliyobandikwa majina mapya na picha mpya. Mwaka 2023 Uber Eats iliondoa takriban migahawa 5,000 ya aina hiyo, na ikaweka sharti kwamba menyu ya jina jipya itofautiane na ya jiko mama kwa asilimia 60 au zaidi. Mteja anaweza kufanya uchunguzi uleule kwa kiwango chake kwa kutafuta anwani ya mgahawa ndani ya programu na kutazama ni majina mangapi yanatoka mlango huo, na kama yote yana kuku wa vipande vinane kwa bei moja.

Je, mgahawa mzima unaweza kuwa haupo?

Unaweza, na mfano unaojulikana zaidi ni Ethos wa mjini Austin, Texas. Mwaka 2024 ukurasa wake wa Instagram ulikuwa na wafuasi zaidi ya 70,000, ukionyesha vyakula vya kustaajabisha, zikiwemo kroisanti zenye umbo la dinosa na za kiboko mdogo Moo Deng aliyekuwa gumzo la dunia wakati huo. Mgahawa huo haukuwa na jengo, meza wala jiko; picha zote zilikuwa za akili mnemba, na waliotoa maoni ya kutaka kujua wanapoweza kula walikuwa wakiuliza juu ya kitu kisichokuwepo.

Kilichowafichua zaidi ni ukosefu wa vitu vya kawaida kuliko kasoro za picha. Hakukuwa na anwani ya kufikika, hakukuwa na mteja hata mmoja aliyepiga picha ya sahani iliyoliwa nusu, na hakukuwa na picha ya mlango kutoka barabarani. Mgahawa unaofanya kazi huacha takataka nyingi za kidijitali: risiti, malalamiko kuhusu maegesho, picha ya bili, mtu anayedai kuwa chai ilikuja baridi. Ukikuta sifa tupu na vyakula visivyoguswa, subiri kidogo kabla ya kulipa.

Programu za kugundua picha za mashine zinaaminika?

Kwa picha za menyu, haziaminiki sana. Picha inapopandishwa kwenye programu ya kuagiza chakula hupunguzwa ukubwa na kubanwa, na mchakato huo hufuta alama ndogo ambazo vigunduzi huzitegemea. Baadhi ya kampuni zinazotengeneza picha huambatisha taarifa fiche za chanzo ndani ya faili, lakini taarifa hizo hupotea mtu anapopiga picha ya skrini. Kigunduzi kikikuambia kuwa picha ni ya mashine kwa asilimia tisini, ichukulie hiyo kuwa fununu.

Kutafuta kwa picha kupitia Google Lens au TinEye kuna faida tofauti. Kunafichua ile aina ya picha halisi iliyochukuliwa kwa wengine, kwa sababu utaikuta sahani hiyohiyo kwenye mgahawa wa Manila na kwenye blogu ya mapishi ya mwaka 2016. Kwa picha ya mashine kwa kawaida hutapata kitu, na kutopata kitu si ushahidi, kwa kuwa picha halisi iliyopigwa jana nayo haitapatikana.

Kampuni zenyewe zinachukua hatua gani?

Hatua iliyo wazi zaidi ilitoka India. Agosti 2024 mkuu wa Zomato, Deepinder Goyal, alitangaza kwamba kampuni yake haitakubali tena picha za vyakula zilizotengenezwa na akili mnemba kwenye menyu, na kwamba zilizokuwepo zingeanza kuondolewa kufikia mwisho wa mwezi huo. Sababu alizotoa zilikuwa za kibiashara kabisa: wateja walikuwa wakilalamika kuwa wamedanganywa, madai ya kurudishiwa fedha yaliongezeka na alama za tathmini zilishuka. Kampuni iliwaambia wenye migahawa wasio na picha kwamba wangeweza kupangiwa upigaji wa picha halisi kwa gharama tu, bila kampuni kupata faida.

Kwa maoni yetu uamuzi huo ni wa busara kuliko utaratibu wa kuweka maandishi madogo ya "picha ni ya mfano". Maandishi hayo humlinda muuzaji, lakini mwenye njaa anayeangalia picha kwenye skrini ndogo hawezi kujua mfano huo umekosea nini.

Nimeletewa kitu kisichofanana na picha. Nifanye nini?

Usianze kula. Piga picha ya skrini ya ukurasa wa chakula hicho mara moja, ikionyesha picha, maelezo na bei, kwa sababu muuzaji anaweza kuibadilisha ndani ya dakika chache. Kisha piga picha ya chakula kikiwa bado kwenye kifungashio, kutoka juu, na risiti au stika ya oda ikionekana. Wasilisha malalamiko kupitia sehemu ya msaada ndani ya oda yenyewe badala ya kumpigia msafirishaji, ambaye hajui kilichomo ndani ya mfuko.

Katika maelezo yako, taja kilichopungua na usibishane kuhusu picha kuwa ya mashine. "Picha na maelezo vinaonyesha samaki mzima wa kuchoma, nimeletewa kipande kimoja cha kukaanga" ni dai linaloweza kuthibitishwa na mtu aliyeko ofisini. "Hii picha ni feki" halithibitiki, na litajibiwa kwa samahani. Ukihitaji kwenda mbele zaidi, nchini Kenya Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara wa kupotosha. Sheria hizo hazitaji akili mnemba, nazo hazihitaji kuitaja, kwa kuwa kinachopimwa ni kama mnunuzi amepotoshwa.

Mimi ni mwenye mgahawa na sina fedha za mpiga picha. Je, nina njia nyingine?

Unayo, na simu ya kawaida inatosha. Pika chakula kwa kipimo kilekile unachomuuzia mteja, ukiweke kwenye kifungashio kilekile, ukipeleke karibu na dirisha au chini ya kivuli cha kibaraza, mwanga ukitokea ubavuni. Zima taa ya dari, maana mwanga wa aina mbili hufanya wali uonekane wa kijani upande mmoja. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa kuwa mafuta ya jikoni ndiyo chanzo cha ule ukungu ambao wengi hudhani ni udhaifu wa simu. Sahani ya wali na mchuzi ipigwe kwa pembe ya kati, jinsi mtu aliyeketi anavyoiona. Chapati na pizza zipigwe kutoka juu. Baga ipigwe kutoka ubavuni ili tabaka zake zionekane.

Ukitaka kutumia programu ya kurekebisha, jiwekee mpaka kwenye mwanga na kukata kingo. Mara tu programu inapoongeza nyama, kubadilisha sahani au kujaza pengo lililokuwa tupu, tayari unauza chakula cha programu hiyo. Na kipimo kikibadilika, mfano vipande vitatu vya mishkaki vikiwa viwili kwa sababu bei ya nyama imepanda, piga picha upya siku hiyohiyo, kabla ya oda ya kwanza ya mchana.